Ukimfokea mwenzako mbele ya wageni: namna ya kumtaka radhi na kumrudishia heshima yake

Mume na mke wanaweza kugombana chumbani, wakatakana radhi chumbani, na yakaisha humo humo. Ukimfokea mwenzako mbele ya wageni haiwi hivyo. Wale watu wamerudi makwao na maneno uliyoyasema. Mwenzako anajua wameyabeba, kwa hiyo kila atakapokutana nao sokoni, msibani au kwenye kikoba atakuwa anajiuliza wanamfikiriaje. Radhi ya chumbani haifiki huko. Ndiyo maana utamsikia mtu akishangaa kwamba aliomba msamaha usiku ule ule, akasamehewa, lakini tangu siku hiyo mwenzake hataki kuona mgeni nyumbani.

Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka kwenye jambo moja: tuhuma iliyosikiwa na watu inafutwa kwa watu wale wale, lakini aliyeumizwa ndiye anayesema ifutwe vipi, lini na kwa nani. Ukiacha la kwanza, aibu inabaki palepale. Ukiacha la pili, ukakurupuka kutangaza toba yako mbele za watu bila kumuuliza, unamweka tena katikati ya macho ya watu bila ridhaa yake, na safari hii anatakiwa atabasamu na kusema amesamehe.

Tuchukue nyumba moja ya Tabata, Dar es Salaam. Ni Jumapili. Mume amemwalika dada yake mkubwa aliyekuja na mumewe kutoka Korogwe, pamoja na mfanyakazi mwenzake na mkewe. Saa nane mchana chakula hakijatoka. Gesi imekatika pilau ikiwa nusu, mke amehamishia sufuria kwenye jiko la mkaa uani. Mume anaona wageni wanafungua soda ya pili bila hata kachumbari mezani. Anaenda hadi mlango wa jikoni na kufoka kwa sauti inayosikika sebule nzima: "Kila siku ni haya haya! Hela ya gesi nakuachia, unapeleka kwenu! Unanitia aibu mbele ya watu!"

Sebule inanyamaza. Dada mtu anasema, "Basi jamani." Mfanyakazi mwenzake anatoa simu mfukoni na kuiangalia. Mke anapakua, anawahudumia wote, anawakaribisha kwa tabasamu, ila yeye mwenyewe hakai mezani.

Ukiyachambua maneno yale utakuta vitu viwili. Upo ukali wa sauti, na ipo tuhuma kwamba mke anachukua hela ya nyumba na kuipeleka kwao. Ukali ule wageni watausahau, kwa sababu kila mtu ameshawahi kuona watu wakifokeana. Tuhuma haisahauliki, hasa kwa wifi. Itafika Korogwe, itafika kwa mama mkwe, na mwaka ujao mke akinunua kitenge kipya kuna mtu ataikumbuka. Mume anayeomba radhi kwa kusema "samahani kwa kukufokea" ameomba radhi ya sauti tu. Tuhuma ameiacha inatembea.

Wageni wakiwa bado sebuleni

Ukishtuka kwamba umefoka, kinachohitajika pale ni kidogo sana, na ni vizuri kiwe kidogo. Punguza sauti, useme sentensi moja au mbili zinazosikika na wale wale waliokusikia ukifoka: "Mke wangu, niwie radhi, sikupaswa kukufokea. Jamani, tusameheane, kosa ni langu." Halafu nyanyuka ukafanye kazi. Toa sahani, leta maji ya kunawa, kapepee ule mkaa. Mume aliyefoka kisha akarudi kukaa kwenye kochi kusubiri kuhudumiwa na mtu aliyemfokea ameongeza aibu juu ya aibu, na wageni wanaliona hilo kuliko anavyodhani.

Usilete mzaha. "Wanawake hawa bila kuwasukuma hamli leo" inaweza kuchekesha meza, lakini kila anayecheka anahesabiwa na mke kuwa amekubaliana nawe. Usimfuate jikoni mkaanze kuelezana. Nyumba zetu nyingi jikoni na sebuleni panatenganishwa na pazia au mlango usiofungika, na wageni watasikia sehemu ya pili ya mchezo. Usimkumbatie wala kumbusu mbele yao ili kuonyesha mambo yamekwisha. Yeye bado ana hasira, na sasa itambidi achague kati ya kukusukuma mbele ya watu au kuigiza mapenzi.

Kama moyo unakwenda mbio na unajua ukifungua kinywa utaongeza mengine, toka nje. Sema unakwenda kufuata gesi, na uende kweli. Mwanasaikolojia wa Marekani John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi, anaeleza kwamba mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, mtu huwa hasikii tena vizuri anachoambiwa, na mwili huhitaji angalau dakika 20 kutulia. Dakika tano za kusimama getini huku unajirudia kichwani jinsi ulivyokosewa hazikutulizi. Tembea hadi dukani na urudi na mtungi.

Usiku ule

Wageni wameondoka, vyombo vimerundikana. Osha vyombo. Sisemi hivi kama adhabu: kazi ile imetokana na wageni wako, na mwenzako amefanya nusu yake huku ana donge kooni.

Kisha sema kifupi kabla ya kulala: "Leo nimekufokea mbele ya dada na wenzangu, na nimesema maneno ya hela ambayo hayakustahili kusemwa. Nimekosa. Sitaki tulale hujanisikia nikisema hivyo. Kesho ukiwa tayari nataka nikusikilize." Uishie hapo. Asipojibu, usidai jibu. Akisema "yameisha, lala", mshukuru kwa upole, lakini usilichukue neno hilo kuwa ndiyo mwisho. Mara nyingi maana yake ni kwamba amechoka.

Kwa nini usimalize yote usiku ule? Kwa sababu aliyeumizwa hajasema lake. Mwaka 2005 watafiti Cynthia Frantz na Courtney Bennigson walionyesha kwamba radhi inayokuja baada ya mtu kusikilizwa na kueleweka humridhisha zaidi kuliko ile inayowahi mno. Ukimwaga maelezo yako yote saa nne usiku, unamfunga mdomo kwa kuwahi kutubu. Lakini pia usichelewe. Kesho yake, au keshokutwa mkishindwa kabisa. Kadiri siku zinavyopita anaanza kuamini kwamba wewe umeshasahau.

Zawadi zisitangulie maneno. Doti ya khanga yenye jina la kuomba msamaha ni kitu kizuri na kina asili yake kwetu, ila ikifika kabla hujakiri kosa inaonekana kama unanunua ukimya. Na usitafute kupatanishwa na kitanda. Akikubali kwa kuogopa ugomvi mwingine, utaamini mmepatana na yeye atajua hamjapatana.

Andika ulichokisema

Kabla ya mazungumzo ya kesho, kaa peke yako na kipande cha karatasi. Andika maneno uliyoyatamka, neno kwa neno kadiri unavyokumbuka, bila kuyapunguza makali. Watu wengi wanapofika kwenye mazungumzo husema "nilipandisha kidogo sauti", na mwenzao anayekumbuka kila neno anaona anadanganywa hata kwenye kutubu.

Chini yake andika tuhuma zilizomo. Kwa mume wetu wa Tabata ni mbili: kwamba mke anapeleka hela kwao, na kwamba kuchelewa chakula ni tabia yake ya kila siku. Jiulize kila moja ina ukweli gani. Katika nyumba ile, hela ya gesi iliongezwa kwenye nyama kwa sababu mume aliongeza wageni wawili Ijumaa usiku bila kuongeza pesa. Alipokumbuka hilo ndipo alipoona ukubwa wa alichokifanya. Lakini hata kama mke angekuwa kweli amemtumia mama yake hela, hilo ni jambo la kuzungumzwa wawili, na radhi ya kumwanika mbele ya wifi yake ingebaki kuwa deni vilevile. Usiifanye toba yako itegemee kwanza kuthibitika kwamba yeye hana kosa.

Mwisho andika waliosikia. Wageni utawakumbuka. Wanaosahaulika ni watoto waliokuwa wanacheza uani, dada wa kazi aliyekuwa ameshika mwiko, na jirani ambaye ukuta wake uko hatua tatu kutoka jiko la mkaa. Kwa mama mwenye nyumba, kudharauliwa mbele ya dada wa kazi kunaweza kuuma kuliko mbele ya wageni, maana wageni wameondoka na huyu atamtuma kesho asubuhi.

Mazungumzo yenyewe

Mahali pawe pasipo masikio: chumbani watoto wakiwa shule, au mkitoka kutembea jioni. Simu iwe mbali. Anza kwa kumsikiliza. Swali moja linatosha: "Niambie ilikuwaje kwako pale." Kisha nyamaza. Atasema mambo ambayo hukuyategemea. Mke wa Tabata hakuanza na kufokewa. Alisema kilichomuumiza zaidi ni wifi yake kumfuata jikoni baadaye na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani nyumbani kwenu wana shida?" Mume hakujua kabisa kwamba swali hilo liliulizwa. Bila kulijua, asingejua pa kwenda kurekebisha.

Akiongea, usimsahihishe tarehe, idadi wala mpangilio. Akikosea kitu kidogo, kiache. Akileta mengine ya zamani, sikiliza; huenda anakuonyesha kwamba hili la jana si la kwanza. Akimaliza, mrudishie kwa maneno yako ulichoelewa, umuulize kama umepata sawa. Hapo ndipo useme lako.

Roy Lewicki na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, walilinganisha sehemu sita za kuomba msamaha. Mfano waliowapa watu ulikuwa wa kazini, si wa ndoa, lakini matokeo yanafaa kukumbukwa hapa: iliyokuwa na uzito kuliko zote ni kukiri kwamba kosa ni langu, ikifuatiwa na kuahidi kurekebisha. Iliyokuwa na uzito mdogo kuliko zote ni kuomba kusamehewa. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunarudia "nisamehe, nisamehe" mara kumi na hatutamki tulichofanya hata mara moja.

Mume wetu alikuwa na toleo la kwanza kichwani, na lilikuwa hivi: "Mke wangu, samahani kama nilikuumiza jana. Unajua nilikuwa na presha ya wageni, na wewe chakula kilichelewa sana, lakini nisamehe bure." Hesabu yaliyomo. "Kama nilikuumiza" inatia shaka jambo alilokwisha kuambiwa. Presha ya wageni ndiyo iliyopewa kosa. Chakula kilichochelewa kinamrudishia mke nusu ya lawama. Kisha anatakiwa asamehe.

Alichosema baada ya kuandika kilikuwa hiki: "Jana nilikufokea mbele ya dada, shemeji, mwenzangu wa kazini na mkewe, watoto na dada wa kazi. Nilisema unapeleka hela ya nyumba kwenu. Si kweli, na mimi ndiye niliyeongeza wageni bila kuongeza hela. Hata ingekuwa kweli, sikuwa na haki ya kulisema pale. Nimekufanya uonekane mwizi ndani ya nyumba yako, na dada yangu amekuuliza swali ambalo hukustahili kuulizwa. Kosa ni langu lote. Nataka kulifuta kwa wale waliosikia, lakini sitazungumza na mtu yeyote mpaka uniambie unataka iweje."

Malalamiko yako kuhusu gesi, bajeti au muda yana siku yake. Yaahirishe angalau siku kadhaa, na usiyatangulize kwa "lakini" wala "tukiwa hapa hapa".

Sasa muulize mtu kwa mtu, ukishika ile orodha. Kwa wifi nimwambie nini? Unataka uwepo nikimpigia? Kwa mwenzangu wa kazini je? Huenda akasema kwa mmoja ndiyo na kwa mwingine hapana. Huenda akasema jirani aachwe, kwani ukimfuata utampa habari ambayo labda hakuisikia. Heshimu. Akisema "usimwambie mtu yeyote", muulize mara moja tu kama ni kwa sababu anaogopa kuongezewa aibu au hataki kabisa, kisha fuata jibu lake. Unaweza kulirudia swali baada ya wiki.

Kwenda kwa waliosikia

Anza na yule ambaye neno lake lina uzito zaidi katika maisha ya mwenzako. Hapa ni dada mtu. Asipigiwe na mtu mwingine, asitumiwe ujumbe wa maandishi ikiwa unaweza kumsikia sauti, na jambo hili lisiwekwe kamwe kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, ambako watakuwemo watu wasiojua lolote na sasa watataka kujua lote.

Mke alitaka simu ipigwe akiwa pembeni, bila yeye kuongea. Ilikwenda hivi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba mdogo wangu. Mlilala salama?"

"Salama dada. Nimepiga kwa ajili ya jambo la Jumapili. Nilimfokea wifi yako mbele yenu, na nikasema anapeleka hela kwao. Dada, lile neno si kweli. Hela ya gesi ilienda kwenye nyama kwa sababu niliongeza watu bila kumwambia mapema. Nimeshamtaka radhi mwenyewe, na nyinyi pia nawataka radhi kwa kuwakalisha kwenye hali ile."

Sasa inakuja sehemu ngumu kuliko zote. Ndugu yako anakupenda, na atataka kukupunguzia mzigo. Dada alisema, "Aah, mbona kawaida tu hayo. Na wanawake wa siku hizi nao, ukiwaachia hela..." Ukinyamaza hapo, au ukacheka kidogo kwa adabu, umeithibitisha upya ile tuhuma, tena safari hii kwa utulivu. Mume alijibu: "Hapana dada, naomba tusiende huko. Katika hili yeye hana kosa hata kidogo. Na ukisikia mtu nyumbani akilitaja, naomba unisaidie kumwambia ni mimi niliyeropoka." Hakumkosea heshima dada yake, na hakumpa nafasi. Mke aliyekuwa pembeni alilisikia hilo, na kwake lilikuwa na uzito kuliko maneno yote aliyoambiwa jana yake.

Ona pia alichokiacha. Hakueleza ugomvi mzima, hakutaja mishahara yao, hakusema mke amelia usiku kucha. Kufuta tuhuma hakuhitaji kufungua nyumba. Sentensi nne au tano zinatosha, kisha mkaongea habari za shamba na watoto.

Kwa mfanyakazi mwenzake ilikuwa fupi zaidi, wakati wa chai: "Bwana, Jumapili nilimkosea shemeji yako mbele yenu. Lile neno la hela halikuwa kweli, niliropoka. Naomba umfikishie na mama pia." Mwanamume mwenzako atajibu "usijali" na kubadilisha mazungumzo. Mwachie abadilishe.

Watoto waambiwe jioni ile ile au kesho yake, kwa lugha yao, mama yao akiwepo: "Jana baba alimfokea mama. Mama hakufanya kosa. Baba amekosea na amemwomba mama msamaha." Usiwaulize kama wamekusamehe, na usiwaombe wamwambie mama akusamehe, hiyo si kazi yao. Dada wa kazi aambiwe na aliyefoka, kwa ufupi, kwamba mama alitukanwa bila kosa na maagizo ya nyumba ni ya mama kama ilivyokuwa.

Ikiwa kati ya waliokuwepo ni wakwe, yaani wazazi wa uliyemfokea, simu haitoshi. Nenda. Umemdhalilisha mtoto wao machoni pao, na kwa desturi za kwetu jambo hilo linataka mguu, si sauti. Tanguliza habari kwa mshenga wenu au msimamizi wa ndoa, mwenzako akiridhia, muende wote wawili, na uzungumze wewe.

Mkaribisho unaofuata

Heshima inarudi kwa watu wale wale kukuona tena ukiwa tofauti. Usiuharakishe mwaliko. Subiri mwenzako aseme yuko tayari, kisha muanze na watu wachache, ikiwezekana mmoja wa waliokuwepo.

Mambo ya jikoni yapangwe kabla. Idadi ya wageni isibadilike bila yeye kujua, na ikibadilika hela ibadilike nayo. Mtungi wa akiba uwepo, au mkaa uwe tayari. Kubalianeni kwamba jambo lolote likiharibika wageni wakiwepo, mwenye neno atasema tu "tutaangalia baadaye", na mwingine ataelewa. Siku hiyo kaeni meza moja. Mke aliyeanza tena kukaa na kula na wageni wake amepiga hatua kubwa.

Usimsifie kupita kiasi mbele yao. "Huyu mke wangu ni malaika, bila yeye mimi si kitu", ikitamkwa mbele ya waliokusikia ukifoka, inamfanya kila mtu aikumbuke Jumapili ile. Sifa ndogo na ya kweli inatosha: "Pilau hii kaianza alfajiri, karibuni." Chakula kikichelewa tena, hiyo ndiyo nafasi yako. Wageni watakuangalia kwa pembe ya jicho. Nyanyuka, uende jikoni kimya kimya kusaidia, urudi na sinia.

Utajuaje kama imepona

Usipime kwa kuuliza "umenisamehe?" kila jioni, swali hilo linageuka kuwa mzigo mwingine kwake. Angalia mambo yanayoonekana. Anapokea simu ya wifi yake mwenyewe bila kukupa uongee wewe. Anapendekeza yeye mgeni wa kualikwa. Anaweza kuitaja Jumapili ile bila sauti kubadilika, pengine hata kukutania.

Haijapona ikiwa anasema yameisha lakini kila mkialika watu anapata udhuru, au anapika kisha anabaki jikoni mpaka waondoke. Haijapona ikiwa ameanza kukuomba ruhusa ya vitu ambavyo zamani aliamua mwenyewe, au kukuandikia kila shilingi aliyotumia bila kuombwa. Hapo tuhuma ya hela bado inaishi ndani yake. Rudi kwenye lile swali la kwanza, umuulize ilikuwaje, kwa sababu kuna kipande ambacho hakukisema au hukukisikia. Mara nyingi ni mtu mmoja aliyesikia ambaye hamkumweka kwenye orodha.

Mambo yakigeuka, mke akawa ndiye aliyemfokea mume, hatua ni zile zile ila tuhuma hubadilika sura. Mara nyingi inakuwa kwamba mume hatoi matumizi au si mwanamume wa kutegemewa, na wenye masikio makubwa hapo huwa wenzake wa kazini na ndugu zake wa kiume. Wanaume wengi watasema "hamna shida" na kulimeza. Usilichukue neno hilo kama ruhusa ya kuruka hatua ya waliosikia. Muulize moja kwa moja anataka nani aambiwe nini.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyefoka mara moja, au mara chache, na anataka kurekebisha. Ikiwa kufoka mbele ya watu kumekuwa ndiyo mtindo, ikiwa mwenzako anatetemeka mgeni akikaribia kwa kukuhofia wewe, au ikiwa kuna vitisho na kupigwa, kuomba radhi tena hakutoshi, na aliyeumizwa hapaswi kusubiri ombi lingine. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya unyanyasaji wa majumbani inahesabu pia unyanyasaji wa maneno na wa kihisia, na namba 1195 inapigwa bila malipo. Kwa aliye katikati, yaani amerudia kufoka lakini hakuna hofu wala kipigo, ni wakati wa mtu wa tatu: mshenga, msimamizi wa ndoa, shehe, mchungaji au mshauri. Achaguliwe na aliyefokewa, na aliyefoka ndiye aende kumwomba aje.